Kusimamishwa Kazi Si Kufutwa: Nasaha kwa Vijana wa Thika na Ruiru

Vijana wangu, nawaandikia juu ya karatasi moja tu: barua ya kumsimamisha mtu kazi huku uchunguzi ukiendelea. Baadhi yenu mmetoka vyuoni juzi na mmeketishwa katika idara za wafanyakazi, kuanzia eneo la viwanda la Thika hadi maghala ya Ruiru. Ninyi ndio mnaoiandika. Wengine mnadamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu, na siku moja mnaweza kuipokea. Nimekaa miaka mingi upande wa wafanyakazi katika vikao vya nidhamu, na nimeona barua hii ikiwaponza wote wawili kwa kosa lile lile. Mwandishi huiandika kama hukumu, na mpokeaji huisoma kama hukumu. Kumbe hakuna aliyehukumiwa bado.

Wazee wa rika langu wanakumbuka ilivyokuwa zamani. Ulifika langoni asubuhi, mlinzi akatazama orodha yake, akakwambia jina lako halimo, nenda ofisini ukachukue chako. Mwajiri aliweza kukuondoa kwa notisi, au kwa mshahara wa notisi, bila kukueleza ulikosa nini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ndiyo iliyobadilisha mambo hayo. Kifungu chake cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, amruhusu kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize na kuyazingatia aliyoyasema. Mahakama ya Rufaa iliyarudia mambo hayo mwaka 2019 katika kesi ya Shirika la Posta, kwamba hayo ni ya lazima.

Lakini tafuteni katika sheria hiyo utaratibu wa kumsimamisha mtu wakati wa uchunguzi, hamtauona. Haisemi barua iandikweje wala siku ziwe ngapi. Mamlaka ya kusimamisha yanatoka kwenye mkataba wa kazi, kitabu cha kanuni za kampuni, au mkataba wa pamoja uliotiwa saini na chama. Kwa hiyo wewe unayeandika, kabla hujagusa kalamu, fungua kanuni hizo uone zinasema nini kuhusu siku na mshahara. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa na kifungu cha 12 awaonyeshe wafanyakazi wake kanuni za nidhamu au mahali zinapopatikana, kwa hiyo asije akasema hana. Nawe uliyesimamishwa, kitu cha kwanza kuomba ni nakala ya kanuni hizo hizo.

Tuchukue mfano, nilioutunga kutokana na mambo ya kila siku ya stoo. Ghala la Ruiru linahifadhi mafuta ya kupikia katika mitungi ya lita 20. Tarehe 27 Februari mkaguzi anahesabu mali. Kadi ya stoo inasema mitungi 52, rafuni ipo 40. Imepungua 12. Mtunza stoo wa zamu hiyo ni kijana wa miaka 26, funguo anazo yeye na msimamizi wake. Tarehe 3 Machi meneja anamwagiza binti wa idara ya wafanyakazi aandike barua.

Swali la kwanza si barua iandikweje, ni kama inahitajika. Kumsimamisha mtu kuna maana pale tu ambapo kuwapo kwake kunaweza kuvuruga uchunguzi, au kuhatarisha watu au mali. Huyu anashika kadi na funguo zinazochunguzwa, kwa hiyo sababu ipo. Lakini nimeona mtu akisimamishwa wiki tatu kwa kuchelewa kazini, jambo ambalo daftari la lango lingelimaliza kwa dakika kumi. Huko ni kumwadhibu mtu kwa jina lingine, na jaji akiiona barua ya namna hiyo atauliza mwajiri alikuwa anachunguza nini.

Sasa tuje kwenye sentensi inayovunja barua nyingi. Meneja ana hasira, anamwambia binti yetu aandike: kufuatia wizi wa mitungi 12 ulioufanya, umesimamishwa kazi. Mwanangu, usiandike. Wizi ni neno la mwisho wa kesi, na wewe uko mwanzo. Unachokijua tarehe 3 Machi ni kwamba kadi na rafu havikubaliani. Hujui kama mitungi iliibwa, kama ilipelekwa tawi jingine bila kadi kuandikwa, kama mkaguzi alikosea hesabu, wala kama ni msimamizi mwenye funguo za pili. Ukiandika ulioufanya, umeshaamua, na kikao cha nidhamu kitakachokuja baadaye kitaonekana mchezo wa kuigiza. Wakili wa mfanyakazi hahitaji ushahidi mwingine; ataisoma barua yako kwa sauti mahakamani, aulize huyu alisikilizwa lini ikiwa alihukumiwa tarehe 3.

Andika ulichokiona, siku kilipoonekana, aliyekiona na hati iliyoonyesha. Hata maneno laini yana sumu. Ukisema mwenendo wako umetushangaza, au tumepoteza imani nawe, umeshahukumu pia. Neno tuhuma latosha, na upungufu unaodaiwa latosha. Wala usiende upande wa pili ukaficha jambo kwa kuandika kuna masuala fulani yanayochunguzwa. Mtu hawezi kujibu masuala fulani. Mwaka 2014, katika kesi ya wafanyakazi watatu dhidi ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, hapo Juja katikati ya miji yetu hii miwili, mahakama ya kazi ilieleza kwamba tuhuma lazima ziwe wazi, mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujitayarisha, na apate hati zilizo mikononi mwa mwajiri zitakazomsaidia kujitetea.

Barua ya kijana wetu ingeweza kuwa hivi:

"3 Machi. Kwa mtunza stoo, Ghala la Ruiru.

Kuhusu: Kusimamishwa kazi kwa muda wakati wa uchunguzi.

Tarehe 27 Februari, mkaguzi wa mali alihesabu mitungi 40 ya mafuta ya lita 20 katika ghala unalolitunza, huku kadi ya stoo ikionyesha mitungi 52. Kampuni inachunguza chanzo cha tofauti hiyo ya mitungi 12. Nakala ya kadi na ya ripoti ya hesabu zimeambatishwa.

Unasimamishwa kazi kuanzia leo tarehe 3 hadi tarehe 23 Machi, siku 21, kwa mujibu wa kanuni za nidhamu za kampuni. Hatua hii si adhabu na haimaanishi kwamba umepatikana na kosa. Inachukuliwa kwa sababu kumbukumbu zinazochunguzwa ziko chini ya mikono yako. Muda ukihitaji kuongezwa, utaarifiwa kwa maandishi pamoja na sababu na tarehe mpya ya mwisho, kabla ya tarehe 23.

Katika muda huu utaendelea kulipwa mshahara wako wote, na michango ya NSSF na SHA itaendelea kupelekwa. Unaombwa kukabidhi funguo na kitambulisho cha kazi leo, kwa orodha itakayotiwa saini na pande zote mbili; kupatikana kwa simu saa za kazi; kutofika ghalani bila ruhusa ya idara ya wafanyakazi; na kutozungumzia uchunguzi huu na wafanyakazi wanaoweza kuwa mashahidi. Sharti hili la mwisho halikuzuii kuwasiliana na mwakilishi wa chama, wakili, au mfanyakazi utakayemchagua akusaidie. Ukihitaji shahidi au hati yoyote, tuandikie nasi tutakupatia nafasi.

Una haki ya kutoa maelezo yako kwa maandishi, kwa Kiswahili au lugha nyingine unayoifahamu, kufikia tarehe 10 Machi. Kutotoa maelezo sasa hakutachukuliwa kuwa kukiri. Iwapo uchunguzi utaonyesha kwamba kuna jambo la kujibu, utapewa barua nyingine yenye tuhuma kamili na ushahidi, na utaalikwa kwenye kikao ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, kabla ya uamuzi wowote."

Iangalieni vizuri sehemu ya mwisho. Barua hii si barua ya kujieleza, wala si mwaliko wa kikao. Ofisi nyingi zinabana hatua zote tatu katika ukurasa mmoja: umesimamishwa, jieleze, na kesho kutwa saa nne uje kwenye kikao. Kufanya hivyo ni kumwalika mtu ajibu uchunguzi ambao haujafanyika. Kwanza chunguza, na achunguze mtu mwingine, si yule msimamizi mwenye funguo za pili. Kisha, kama kuna la kuulizwa, toa tuhuma kamili. Kikao kije baadaye, na anayekiongoza asiwe ndiye aliyechunguza.

Kuhusu lugha nitasema kwa msisitizo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaumia. Kijana aliyeacha shule darasa la nane anakabidhiwa kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, anaambiwa atie saini. Anatia, anakunja, anaiweka mfukoni, na hadi anafika stendi Thika bado hajui kama amefukuzwa au la. Sheria yetu inataja lugha anayoifahamu mfanyakazi wakati wa kuelezwa sababu. Sioni kwa nini heshima hiyo ingoje siku ya kikao. Mwandikie Kiswahili, au mweleze kwa Kikuyu au Kikamba mbele ya mwenzake, na uandike kwamba umemweleza.

Siku nazo ziwe na mwisho. Kwa kuwa sheria haitaji idadi, wapo waajiri wanaoandika hadi uchunguzi utakapokamilika, halafu wanasahau. Mwezi wa pili unaingia, wa tatu, mtu yuko nyumbani Kimbo hana kazi na hajafutwa. Mahakama huuliza kama muda ulikuwa wa maana kulingana na jambo lenyewe. Hesabu ya mitungi 12 haihitaji miezi mitatu, inahitaji kadi, hati za kutolea mali, vibali vya lango na mazungumzo na watu wanne au watano. Wiki tatu zinatosha, na kama hazitoshi mwajiri aandike kwa nini.

Mshahara ndio unaoleta ugomvi mwingi. Mtumishi wa umma aliyeshtakiwa mahakamani kwa ufisadi husimamishwa kwa nusu mshahara chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi, kwa hiyo watu wengi hudhani kila anayesimamishwa hulipwa nusu. Sivyo. Katika kampuni binafsi, mwajiri anayetaka kupunguza au kuzuia mshahara lazima aonyeshe mahali ambapo mkataba, kanuni au makubaliano na chama yanamruhusu. Kama hayapo, mkataba bado uko hai na mshahara unaendelea. Na asikudanganye mtu kwamba thamani ya mitungi 12 itakatwa kwenye mshahara wa Machi kwa kuwa wewe ndiwe mtunza stoo. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa hasara iliyosababishwa na kosa la makusudi la mfanyakazi, na kosa hilo halijathibitishwa kwa sababu tu uchunguzi umeanza.

Sasa nizungumze nawe unayeipokea, kijana wangu, maana nimeona wengi wakishinda kesi yao kisha wakaipoteza kwa miguu yao wenyewe.

Ukipewa barua, tia saini ya kuipokea. Saini hiyo haisemi umekubali kosa. Inasema karatasi imekufikia. Ukitaka, andika pembeni nimepokea tu, sijakiri, na uweke tarehe na saa. Anayekataa kupokea anawapa watu nafasi ya kuandika kwamba alikuwa mkaidi, naye anabaki bila nakala.

Kabla hujatoa funguo, omba mali ihesabiwe mbele yako na orodha itiwe saini na wewe na anayepokea. Nalisisitiza hili kuliko yote. Mtunza stoo anayetupa funguo mezani kwa hasira na kuondoka, akirudi baada ya wiki tatu atakuta mitungi iliyopungua si 12 tena, ni 30, na hana karatasi ya kuonyesha kwamba 18 ilipotea akiwa nyumbani. Omba pia kufuli ibadilishwe. Kama wanakataa kuhesabu, waandikie siku hiyo hiyo kwamba uliomba wakakataa, na ubaki na nakala.

Usiende mashambani ukazima simu. Najua uchungu wake: unaona aibu mbele ya majirani, unapanda matatu ya kwenda Murang'a au Kitui kwa mama, unasema watakupata uchunguzi ukiisha. Mwaliko wa kikao unakuja, hupatikani, kikao kinafanyika bila wewe, na sasa kuna tuhuma ya pili ya kutoroka kazini ambayo ni nyepesi kuthibitisha kuliko ile ya mitungi. Ukilazimika kusafiri, waandikie unakwenda wapi, utarudi lini na utapatikana kwa namba gani. Wala usitafute kibarua mahali pengine huku ukipokea mshahara wao.

Usijiuzulu kwa hofu. Kuna mtu mwema atakayekunong'oneza kwamba ukiandika barua ya kuacha kazi mambo yataisha kimya kimya. Huenda yakaisha kwa kampuni. Kwako, umeacha kazi kwa hiari kwenye karatasi, na utahitaji kuthibitisha kwamba ulilazimishwa.

Na maelezo yako ya tarehe 10, yaandike kwa hati, si kwa laana. Usipoteze kurasa kueleza jinsi msimamizi anavyokuchukia. Sema ulivyopokea mali, nani mwingine ana funguo, siku gani hukuwapo zamuni, na hati unazoomba. Kama hujui mitungi ilikwenda wapi, sema hujui. Usikisie, maana makisio yako yatasomwa kama utetezi, na yakikosea utaonekana mwongo.

Katika mfano wetu, kijana aliandika hivi: naomba hati za kutolea mali za tarehe 20 hadi 27 Februari, pamoja na kumbukumbu za lango, kwa sababu tarehe 24 nilikuwa mapumzikoni na stoo ilifunguliwa. Mchunguzi alipozifungua, akakuta hati ya tarehe 24 ya mitungi 12 iliyopelekwa ghala la Thika, ikiwa na saini ya msimamizi na muhuri wa lango, na haikuwahi kuingizwa kwenye kadi. Ghala la Thika lilikuwa limeipokea. Hakuna aliyeiba chochote.

Hapa ndipo binti wa idara ya wafanyakazi anavuna alichopanda. Kwa kuwa barua yake ilisema tofauti kati ya kadi na hesabu, anaandika nyingine tarehe 17 Machi: tofauti imepatikana, kusimamishwa kwako kumeondolewa, rudi kazini kesho, na barua ya kwanza haitahesabika kama onyo katika faili lako. Kijana anarudi stoo yake akitazamana na watu usoni. Lau barua ya kwanza ingesema wizi ulioufanya, angerudije? Nusu ya Ruiru ingekuwa imeshaisoma kwenye wasap, na maji yakimwagika hayazoleki. Msimamizi aliyesahau kadi, naye ana haki ile ile ya kuulizwa kabla ya kulaumiwa.

Wapo watakaochunguzwa na ikaonekana kweli walichukua. Hao nao wanaitwa kwenye kikao, wanaonyeshwa ushahidi, wanasikilizwa na mwenzao yupo, kisha uamuzi unatolewa. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu za kumwachisha mtu kazi, na akikosa, au akiruka utaratibu, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Nimesikia mameneja wakilalamika kwamba wezi hulipwa siku hizi. Mara nyingi wamelipwa kwa sababu aliyeandika barua hakuwa na subira ya wiki tatu.

Kwenu mnaopokea, neno langu la mwisho ni la tarehe. Ukisimamishwa kisha ukaachishwa bila kusikilizwa, una miezi 3 tangu siku ya kuachishwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka 3 kufungua kesi. Tangu mwaka 2018, kama mshahara wako wote kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000, kesi hiyo inaweza kusikilizwa na hakimu, si lazima uende Nairobi kwa jaji. Mahakama ya Thika iko karibu nawe, na ya Ruiru pia. Beba barua zote, ile ya kusimamishwa ikiwa juu, pamoja na orodha ya makabidhiano yenye saini mbili.